Begi la dharura la nyumbani: lifunge mtu mmoja aweze kulibeba gizani

Kila masika ikikaribia, maswali ni yale yale. Niweke nini? Begi liwe kubwa kiasi gani? Vyeti niweke halisi au nakala? Niliweke wapi watoto wasilichokonoe? Nimeyajibu mara nyingi mno mmoja mmoja, kwa hiyo leo nayaweka yote hapa, kwa mfano wa nyumba moja ya kupanga kule Kigogo, Dar es Salaam, karibu na bonde la Mto Msimbazi. Nilimsaidia dada mmoja kufunga begi lake pale, na tulikosea mara mbili kabla ya kupatia.

Mafuriko, moto na amri ya kuhama ghafla havilingani kwa kitu kimoja tu, nacho ni muda unaobaki mkononi. Moto unakupa dakika moja au mbili. Mafuriko yanaweza kukupa saa nzima, au usiku yasikupe hata robo saa. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, kwa hiyo maji yanaweza kukufikia Kigogo au Jangwani wakati juu ya bati lako hakuna tone. Amri ya kuhama mara nyingi inakuja mchana, na muda wa kupanga mambo upo. Ukifunga begi moja linalofaa kwa muda mfupi, huo mrefu utakutosha wenyewe.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanafunga begi kama la safari ya mkoani, wanasahau kwamba atakayelibeba anaweza kuwa mama peke yake, saa nane usiku, umeme umekatika, mtoto mgongoni na mkono mmoja umemshika bibi. Mimi hupima kwa huo mkono mmoja uliobaki. Kisichobebeka nao hakiingii.

Vya kuandaa kabla ya kuanza

Usikimbilie dukani. Zunguka kwanza nyumbani, vingi unavyo tayari.

- Begi la mgongoni la shule, hata lililochakaa, mradi mikanda na zipu vizima. Begi la kuburuta lenye magurudumu halifai kwenye tope.
- Kipochi kidogo chenye kamba ya kuvaa shingoni.
- Mifuko ya plastiki yenye zipu, mikubwa minne au mitano.
- Chupa mbili za maji za lita moja na nusu, na moja ya nusu lita.
- Tochi ndogo na betri zake, filimbi, pawa benki na waya wa simu.
- Kanga mbili, na nguo moja ya kubadili kwa kila mtu.
- Dawa za kila siku za mgonjwa aliyepo nyumbani, paketi nne za ORS ya kurudisha maji mwilini mtu akiharisha, sabuni ya kipande, pedi, nepi.
- Chakula kisichohitaji moto: karanga, tende, biskuti, kashata.
- Bati la biskuti au kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana.
- Kalamu ya wino usiofutika na karatasi.

Misumari miwili mirefu na nyundo utavihitaji pia. Utaona kwa nini.

Hatua kwa hatua

1. Hesabu watu walio nyumbani usiku.

Usihesabu familia yote. Hesabu waliolala humo, na ujiulize nani kati yao anaweza kubeba kitu. Kwa dada yetu wa Kigogo, mume ni mlinzi wa usiku, hayupo. Waliopo ni yeye mwenyewe, mama mkwe mwenye presha, mtoto wa miaka tisa na mwingine wa miezi kumi na minne. Mbebaji ni mmoja. Yule wa miaka tisa anaweza kubeba kibegi chake chenye chupa ya nusu lita, biskuti na filimbi, basi. Usimpe nyaraka wala fedha.

2. Tenga kipochi na begi.

Swali la vyeti halisi au nakala linaisha hapa. Nyumba ya kupanga ina wapangaji sita, ukumbi mmoja na wageni wasiokwisha. Begi lenye vyeti na fedha likikaa mlangoni, mwizi umemfungia mzigo. Kwa hiyo begi ndilo linakaa karibu na mlango, halina cha kumtamanisha mtu. Kipochi kinalala chumbani, palepale unapochajia simu, kwa sababu simu ndiyo kitu ambacho hata ukiwa na usingizi mkono wako utaifuata.

Ndani ya kipochi weka kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, kadi ya bima, kadi ya kliniki ya mtoto, na mkataba wa pango au hati ya mauziano ya kiwanja. Halisi. Nyumba nyingi hazina pahala pengine salama pa kuviweka, na nakala ya cheti haitakufikisha mbali ukiombwa halisi. Vipange vimelala bila kukunjwa zaidi ya mara moja, tia kwenye mfuko wa zipu, toa hewa, funga, kisha tia kwenye mfuko wa pili mdomo ukiangalia upande wa pili. Mfuko mmoja huvuja kwenye pembe ya zipu. Jaribu kwanza kwa karatasi ya kawaida: izamishe kwenye ndoo dakika kumi, uone.

Usipeleke vyeti halisi kufunikwa kwa plastiki ya moto stesheneri. Cheti kilichobanwa hivyo hakifunguki tena bila kuchanika, na wapo watakaokikataa wanapotaka kukagua karatasi yenyewe.

Kisha piga picha kila karatasi, mbele na nyuma, ujitumie kwenye barua pepe yako na umtumie ndugu mmoja anayeishi mbali na bonde. Hiyo ndiyo nakala yako. Moto ukianzia upande wa chumba chako, kipochi nacho hukipati.

Fedha weka noti ndogo: za elfu moja, mbili na tano. Elfu ishirini kwa jumla inatosha kuanzia. Mtandao ukikatika, fedha ya kwenye simu haikusaidii, na dereva wa bodaboda usiku wa mvua hana chenji ya elfu kumi.

3. Andika namba kwa mkono.

Simu ikizima utagundua kwamba huijui hata namba ya mumeo. Andika kwenye karatasi namba tano: ya mwenzako, ya ndugu wa mbali, ya mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, ya zimamoto ambayo ni 114, na ya polisi ambayo ni 112. Andika karatasi tatu. Moja kwenye kipochi, moja kwenye begi, moja kwenye kibegi cha mtoto. Ya mtoto iongezee jina lake, jina lako na mtaa.

4. Panga maji na chakula.

Maji ndiyo mzigo mzito kuliko vyote, kwani kila lita ni kilo moja. Chupa mbili za lita moja na nusu ni kilo tatu, na kwa begi la mtu mmoja hapo ndipo pa kukomea. Hayatatosha familia siku nzima, najua. Kazi yake ni kuwavusha mpaka asubuhi, mpaka mfike shuleni au kwa jamaa.

Kabla ya kufunga, chukua chupa moja ya lita moja na nusu ikiwa tupu, ijaze kwa chupa ya nusu lita mara mbili, na uchore mstari maji yalipofika. Huo mstari ni lita moja. Paketi moja ya ORS huchanganywa na lita moja ya maji safi, na gizani hakuna atakayekisia sawasawa. Mchanganyiko huo unanyweka ndani ya siku moja, ukibaki unamwagwa.

Dawa ya kutibu maji ya vidonge ni nzuri, ila soma paketi: vingi ni kidonge kimoja kwa lita ishirini. Usikivunje uweke kipande kwenye chupa. Kiweke ukijua kwamba kitatumika mkifika mahali penye ndoo.

Chakula kiwe cha kuliwa kikavu. Unga, tambi na mchele vinataka maji, sufuria na moto, na hivyo vyote utakuwa umeviacha nyuma. Tia karanga na tende kwenye bati la biskuti. Ukivitia kwenye begi hivihivi, panya wataanza na chakula, kisha wamalizie na mikanda.

5. Dawa.

Mama mkwe anameza kidonge cha presha kila asubuhi. Tulitenga vidonge vya siku saba, ndani ya pakiti yake yenye jina na tarehe, si kwenye kikaratasi. Kila akitoka kliniki na dawa mpya, mpya ndizo zinaingia begini na za begini zinatoka kutumika. Hivyo hazizeeki humo. Mtu wa dawa za kufubaza virusi au za kifafa afanye vilevile, na kadi yake ya kliniki ikae kwenye kipochi.

Insulini haikai begini, joto la Dar litaiharibu. Iache inapohifadhiwa, na uandike kwa kalamu nene kwenye kikaratasi ubandike juu ya mlango: INSULINI. Utakiona unapotoka.

6. Nguo na usafi.

Nguo moja kwa kila mtu, imeviringishwa, ndani ya mfuko wa zipu. Kanga mbili ni lazima. Nikiambiwa nichague kati ya kanga na blanketi sifikirii mara mbili: kanga ni mbeleko, taulo, pazia la kubadilia nguo, shuka na kivuli, na ikilowa inakauka.

Sabuni usiiache kwa kuona ni kitu kidogo. Maji ya mafuriko yamepitia vyooni, na mikono iliyopapasa ukuta wa nyumba usiku ndiyo itakayompa mtoto biskuti asubuhi.

Viatu haviingii begini. Raba za kila mtu, au viatu vyovyote vya kufunika vidole, vikae chini ya begi. Ndala hunaswa na tope, na chini ya maji kuna misumari, chupa na mashimo ya mifereji.

7. Mwanga na sauti.

Tochi iwekwe betri zikiwa nje, zimefungwa pamoja nayo kwa raba bendi. Betri zikikaa ndani miezi kwenye unyevu wa pwani zinaweza kuvuja, na tochi ikafa. Lakini hakikisha mkubwa wa nyumba anaweza kuziweka akiwa amefumba macho. Ukiona hawezi, nunua tochi ya kuchaji na uiweke kwenye ratiba pamoja na pawa benki.

Filimbi ifungwe nje ya begi, kwenye mkanda. Sauti ya mtu aliyepiga kelele dakika tano inakauka. Filimbi haikauki.

8. Pima.

Beba begi mpaka kwa mangi, uliweke kwenye mizani yake. La kwetu mara ya kwanza lilikuwa kilo kumi na moja. Tulitoa sufuria, unga wa uji, pasi (ndiyo, pasi) na blanketi. Hilo blanketi lilikuwa la mama mkwe, na hapo tukakwama.

“Mwanangu, mimi baridi inanipata mifupani.”

“Mama, nitakufunika kanga zote mbili.”

“Kanga si blanketi.”

Tulimtafutia shuka jepesi la pamba, akalikunja mwenyewe, na tukapunguza nguo za dada yetu kufidia. Sikuona ubaya. Mzee akitulia, mnatoka haraka. Hesabu ya mwisho ilisimama hivi: maji kilo 3, chakula na bati lake gramu 700, nguo, kanga na shuka kilo 1.2, dawa na vya usafi gramu 600, tochi na pawa benki gramu 500, begi lenyewe gramu 500. Jumla kilo 6.5. Kwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni huo ndio mwisho, na begi lenyewe likahamia begani au kifuani.

9. Tundika.

Sasa msumari. Begi litundikwe ukutani karibu na mlango wa kutokea, juu ya kiuno cha mtu mzima. Chini ya kitanda ndipo maji yanapofika kwanza. Juu ya kabati utahitaji kiti gizani. Na ndani ya kabati lenye kufuli, sihitaji kueleza.

Kwenye msumari wa pili, juu pasipofikiwa na mtoto mdogo wala na mkono wa mtu wa nje anayepenyeza dirishani, tundika ufunguo wa akiba wa kufuli la geti la nondo. Nyumba zetu zimejaa nondo kwa ajili ya wezi, na ufunguo ukipotea ndani ya moshi, nondo hizo zinakuwa gereza.

10. Fanyeni jaribio usiku.

Zima taa, sema “moto”, anza kuhesabu. Mara ya kwanza nyumba ile ilitumia dakika nne na ushee, karibu mbili kati ya hizo ni kutafuta ufunguo wa geti. Mara ya pili, ufunguo ukiwa msumarini, walitoka kwa dakika moja na nusu. Jaribio hilo moja lilitufundisha zaidi ya jioni nzima ya kupanga vitu.

Kubalianeni pia mahali pa kukutania, pawe pa juu na panapojulikana hata kwa mtoto: duka fulani, mti, geti la shule. “Nje” siyo mahali.

Makosa yanayoua

Kurudia begi. Kwenye moto, begi linabebwa kama mkono unalipitia tu njiani. Ukishatoka, hurudi, hata kama kipochi chenye kila kitu kimebaki. Moshi unaangusha mtu kabla ya moto kumfikia. Ukiwa ndani, inama chini, ambako hewa bado ni safi kidogo. Ukikuta kitasa kina joto, usifungue mlango huo.

Kuzima umeme ukiwa umesimama majini. Swichi kuu izimwe maji yakiwa bado nje na miguu yako ikiwa mikavu. Maji yakishaingia, iache, toka.

Kuvuka maji yanayokwenda kasi. Yakifika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ukiwa na mzigo mgongoni ndiyo kabisa. Mikanda ya kifuani isifungwe mnapopita kwenye maji, ili begi uweze kulitupa.

Na kusubiri. Desemba 2011, mafuriko ya Dar yaliua watu wapatao 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari kwa rangi, njano, chungwa na nyekundu. Kwa mtu wa bondeni, chungwa itoshe kumpeleka bibi na watoto kulala kwa ndugu wa juu usiku huo. Kesho yake asubuhi mkirudi nyumba ikiwa kavu, mmepoteza nauli tu.

Ukikwama

*Vitu vinachukuliwa begini.* Tochi itaazimwa, biskuti zitaliwa. Usigombe. Funga zipu kwa uzi mwekundu. Uzi ukikatika utajua palifunguliwa, na aliyefungua atajua kwamba utajua.

*Nasahau kukagua.* Fungamanisha ukaguzi na kitu unachokifanya tayari. Dada yetu hukagua siku ya kulipa kodi: anachaji pawa benki, anabadili maji, anaangalia tarehe za dawa na chakula, anampima mdogo nguo. Mtoto wa miezi kumi na minne hatavaa nguo hizo miezi mitano baadaye.

*Begi linanuka uvundo.* Kuna kitu kiliingia na unyevu. Toa vyote, anika begi juani siku nzima likiwa wazi, na urudishe nguo zilizokauka kabisa. Kipande cha sabuni kavu ndani hupunguza harufu, ila mbali na biskuti.

*Naishi ghorofani.* Punguza maji mpaka chupa moja, begi liwe jepesi la kushuka nalo ngazi. Lifti isitumike kwenye moto hata kama inafanya kazi. Hesabu milango kutoka kwako mpaka kwenye ngazi ili uipate kwa kupapasa.

*Nyaraka zimelowa licha ya yote.* Usizibandue kwa nguvu, usizianike juani, usizipige pasi. Zikiwa na tope, zipitishe taratibu kwenye maji safi ndani ya sinia, uziache zielee, usizisugue. Zilaze juu ya kanga kavu kivulini penye upepo. Zilizogandana ziache zianze kukauka kingo, kisha jaribu kuzitenganisha kidogo kidogo kutoka pembeni. Kama wino umetanda, angalia kwanza namba ya usajili na uiandike pembeni siku hiyohiyo, kwa sababu ukienda RITA kuomba cheti kingine cha kuzaliwa, watakuuliza hiyo.